Nimepata manne kati ya kumi: hiki ni kirai au kishazi?

*Shikamoo Mwalimu,*

*Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 27, na Novemba hii nafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kiswahili nilidhani ndilo somo la kuniokoa, maana nimezaliwa nacho. Wiki iliyopita mwalimu wetu wa tuisheni alitupa zoezi la maswali kumi, nikapata manne. Nilifuata kanuni aliyotufundisha mwenyewe: kirai hakina kitenzi, kishazi kina kitenzi. Haya sita ndiyo yaliyoniangusha:*

*1. "Baada ya kula, watoto walilala." Nilisema "baada ya kula" ni kishazi, kwa kuwa kula ni kitenzi. Kosa.*

*2. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Nilisema "asiyesikia la mkuu" ni kirai, kwa kuwa ndiyo kiima. Kosa.*

*3. "Fundi aliyeshona gauni la harusi ameondoka kabla ya kulipwa." Nilisema maneno matano ya mwanzo ni kishazi. Kosa.*

*4. "Vijana walikuwa wakiimba." Nilihesabu vishazi viwili. Kosa.*

*5. "Nyumbani kwao kumejaa wageni." Nilisema kiima ni wageni. Kosa.*

*6. "Mechi iliahirishwa kwa sababu ya mvua." Nilisema "kwa sababu ya mvua" ni kirai kihusishi. Akakata, akaandika kirai kielezi.*

*Halafu, kama kirai hakina kitenzi, hicho kirai kitenzi kinatoka wapi? Na kitabu kimoja kinasema kiarifa, kingine kiarifu, kingine prediketa. Nishike kipi?*

*Fundi, Morogoro*

---

Marahaba, binti yangu.

Hilo la majina tulimalize haraka. Kiarifa, kiarifu na prediketa ni kitu kimoja: ile sehemu ya sentensi inayotoa habari kuhusu kiima. Ukifungua vitabu vya Kenya utakutana sana na kiarifa, na vya kwetu vina kiarifu na prediketa. Kwenye karatasi ya mtihani jibu kwa neno ambalo swali lenyewe limelitumia.

Sasa twende kwenye swali la pili, maana hapo ndipo ulipojifunga mguu, na makosa mengine mengi yanatokana na hilo. Uliona maneno "asiyesikia la mkuu" yamekaa mahali pa kiima, ukakata shauri kwamba basi hayawezi kuwa kishazi. Siku ukipanda daladala ya Msamvu, jirani yako akakuuliza, "Huyu anayedai nauli ni kondakta au ni mwanamke?" utamshangaa. Anaweza kuwa vyote viwili, kwa sababu kondakta ni kazi na mwanamke ni mtu mwenyewe alivyo. Sarufi nayo ina orodha mbili za namna hiyo. Kiima, kiarifa, yambwa (ambayo wengine huiita shamirisho) na chagizo ni majina ya kazi ndani ya sentensi. Kirai na kishazi ni majina ya maumbo. Swali likikutaka utaje kiima, unaulizwa nani ameshika kazi hiyo. Likikutaka useme ni kirai au kishazi, unaulizwa hicho kilichoshika kazi kimeundwaje. Jibu la swali la kwanza halikupi jibu la swali la pili.

Angalia methali hizi mbili, ya kwanza unavyoijua na ya pili nimeigeuza kidogo:

Mpanda ngazi hushuka.
Apandaye ngazi hushuka.

Maana ni moja. Kiima cha ya kwanza ni "mpanda ngazi", cha ya pili ni "apandaye ngazi", na kiarifa cha zote mbili ni "hushuka". Kikazi hakuna tofauti yoyote. Kiumbo ziko mbali. "Mpanda" ni nomino. Imetokana na kitenzi panda, sawa, lakini imeshaingia ngeli ya m-wa, ina wingi wake "wapanda", na haina tena mahali pa kuweka wakati. "Mpanda ngazi" ni kirai nomino. "Apandaye" bado ni kitenzi kamili: ina a- ya kiima mwanzoni na -ye ya urejeshi mwishoni, na ukitaka wakati unautia bila shida: aliyepanda, anayepanda, atakayepanda. "Apandaye ngazi" ni kishazi tegemezi. Kwa hiyo "asiyesikia la mkuu" ni kishazi tegemezi kilichoshika kazi ya kiima, na kama swali lingesema "mcheza kwao hutunzwa", kirai chako kingekuwa sahihi.

Umeona nilichokitazama hapo. Sikuuliza kama kuna kitenzi. Niliuliza kama kitenzi kimevaa kiambishi cha kiima, yaani kile kipande cha mwanzo kinachoonyesha nafsi au ngeli: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-, li-, ki-, vi- na wenzake, pamoja na vya kukanusha kama si- na ha-. Hiyo ndiyo kanuni ninayokuomba uiweke badala ya ile ya "kina kitenzi, hakina kitenzi". Kishazi kina uhusiano wa kiima na kiarifa ndani yake, hata kama uhusiano wote umebanwa ndani ya neno moja. "Walipofika" ni neno moja na ni kishazi: wa- ni kiima, kilichobaki ni habari zao, na -po- inakifanya kining'inie kikisubiri kishazi kingine. Kirai hakina uhusiano huo. Kirai kina neno kuu tu, na maneno mengine, kama yapo, yamekuja kulihudumia.

Ukiitumia kwa swali la kwanza, "baada ya kula" inajibika bila jasho. Kula nani? Haisemi. Lini? Haisemi. Ni kitenzi-jina, kimekaa baada ya "baada ya" kama vile nomino yoyote ingekaa: baada ya chakula, baada ya sala, baada ya kula. Ni kirai. Lakini "walipokula" au "walipomaliza kula" ni kishazi, ingawa kwa msikilizaji habari ni ile ile.

Watunga mitihani wanapenda sana jozi za aina hii. Nimesahihisha majaribio ya kidato cha nne miaka mingi na sikumbuki mwaka ambao hatukukuta mojawapo. Andika kwenye daftari "kwa sababu ya mvua" na chini yake "kwa sababu mvua ilinyesha". Kisha "kabla ya kuondoka" na "kabla hajaondoka". Kisha "tangu asubuhi" na "tangu aondoke". Kisha "licha ya ugonjwa" na "ingawa anaumwa". Za kwanza zote ni virai, za pili zote ni vishazi. Kwenye nyingi utaiona "ya" imekaa pale kati. Hiyo "ya" hudai nomino au kitenzi-jina baada yake na haikubali kitenzi kilichovaa viambishi vya nafsi na wakati. Ndiyo maana "kabla ya hajaondoka" inakwaruza sikio. Lakini usiigeuze "ya" kuwa kanuni mpya ya kukariri, maana "tangu asubuhi" haina "ya" na bado ni kirai. Kinachoamua ni kiambishi cha kiima.

Hapo kuna mitego mitatu ambayo lazima uijue, la sivyo utanilaumu. Wa kwanza ni hu- ya mazoea. "Hushuka", "huvunjika", "hutunzwa" havina kiambishi cha nafsi wala ngeli, kwa sababu hu- haibadiliki: mimi hushuka, wao hushuka, maji hushuka. Hata hivyo ni vitenzi kamili na vinatengeneza kiarifa. Wa pili ni "ni" na "si" katika sentensi kama "Juma ni fundi". Kiambishi hakipo, lakini kiima kipo na habari zake zipo, basi hicho ni kishazi. Wa tatu ni amri: "Funga mlango!" Kiima ni wewe unayeambiwa, hakitajwi kwa kuwa uko hapo hapo unasikia. Nje ya hayo matatu, na vitenzi visaidizi tutakavyovikuta kwenye swali la nne, kanuni yangu haijanitupa kwenye mtihani.

Na tahadhari nyingine ndogo: ku- ya "kula" siyo ku- ya "kumejaa". Ya kwanza ni ya kitenzi-jina. Ya pili ni kiambishi cha kiima cha ngeli ya mahali, na utaitambua kwa kuwa baada yake kuna -me-, alama ya wakati. Tutaihitaji tukifika swali la tano.

Umeuliza kirai kitenzi kinatoka wapi. Swali zuri, na kwa kweli ile kanuni mliyopewa ndiyo inayolileta. Kirai huitwa kwa neno lake kuu. Neno kuu likiwa nomino, ni kirai nomino. Likiwa kivumishi, kama katika "mzuri sana", ni kirai kivumishi. Likiwa kielezi, kama katika "polepole mno", ni kirai kielezi. Kirai kikianza na kihusishi, kama katika "kwa kisu", ni kirai kihusishi. Neno kuu likiwa kitenzi, basi ni kirai kitenzi. Hakuna sababu yoyote ya kirai kukosa kitenzi. Kinachokosekana kwenye kirai kitenzi ni kiima chake, ambacho kimesimama kando. Chukua "Wanafunzi wameandika insha ndefu". Swali likikupa "wameandika insha ndefu" peke yake na kukuuliza umbo lake katika sentensi hiyo, jibu ni kirai kitenzi, kwa sababu kiima ni "wanafunzi" na kiko nje ya kile kipande. Likikupa sentensi nzima, una kishazi huru kimoja, ambacho pia ni sentensi sahili.

Najua utaniuliza: mbona "wameandika" ina wa-, na wewe umesema tuangalie kiambishi? Ndiyo, Kiswahili hutaja kiima mara mbili, mara moja kwa nomino na mara ya pili kwa kiambishi ndani ya kitenzi. Nomino ikiwepo na ikawa ndiyo kiima cha kitenzi hicho, tunahesabu kiambishi kama upatanisho tu, na kitenzi na vyake vyote vinabaki kuwa kiarifa. Nomino ikiondoka, kiambishi kinabeba kazi yenyewe. Mtu akikuuliza wanafunzi wako wapi, ukajibu "Wameandika insha ndefu, wameondoka", umemtolea vishazi huru viwili. Kwa hiyo mbele ya kipande chochote ulichopewa, soma kwanza sentensi nzima uone kiima cha kitenzi hicho kimekaa wapi. Ukitazama kipande peke yake utabahatisha.

Haya, swali la tatu tulifanye lote, maana linaonyesha jinsi kirai kinavyoweza kumeza kishazi.

"Fundi aliyeshona gauni la harusi ameondoka kabla ya kulipwa."

Anza kwa kuhesabu vitenzi vilivyovaa kiambishi cha kiima. Vipo viwili: "aliyeshona" na "ameondoka". "Kulipwa" haihesabiki, ni kitenzi-jina. Basi vishazi ni viwili. Kipi kinaweza kusimama peke yake? "Fundi ameondoka" inasimama. "Aliyeshona gauni la harusi" inakuacha unasubiri, kwa sababu ya -ye-. Una kishazi huru kimoja na tegemezi kimoja, hiyo ni sentensi changamano.

Sasa kiima na kiarifa cha sentensi nzima. Tafuta kitenzi cha kishazi huru, "ameondoka". Nani ameondoka? Usijibu "fundi" ukaishia hapo. Fundi yupi? Yule aliyeshona gauni la harusi. Kiima ni maneno yote matano, "fundi aliyeshona gauni la harusi". Kuna njia ya kuhakikisha: weka "yeye" mahali pake. "Yeye ameondoka kabla ya kulipwa." Inakubali, na hakuna kilichobaki kinaning'inia. Ukijaribu kuweka "yeye" mahali pa "fundi" tu, utapata "yeye aliyeshona gauni la harusi ameondoka", kipande cha kiima kimebaki nje. Kilichosalia, "ameondoka kabla ya kulipwa", ni kiarifa.

Na umbo la hicho kiima? Neno kuu ni "fundi", nomino. Kila kitu kingine kimekuja kumfafanua fundi. Kwa hiyo maneno matano kwa pamoja ni kirai nomino, na ndani ya tumbo la kirai hicho mna kishazi tegemezi "aliyeshona gauni la harusi", kinachofanya kazi ya kivumishi. Wewe uliona kishazi kilichomo ukakitangaza kuwa ndiyo chote. Mwalimu wako angeuliza "aliyeshona gauni la harusi" bila fundi, ungepata alama. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi waweke kidole kwenye neno la kwanza na la mwisho la sehemu waliyoulizwa kabla hawajajibu. Neno moja likiongezwa mbele, jibu linageuka.

Linganisha na swali lako la pili. Pale "asiyesikia la mkuu" haina nomino mbele yake. Ingekuwa "mtoto asiyesikia la mkuu huvunjika guu", tungekuwa na kirai nomino chenye kishazi ndani, kama kwa fundi.

Kwa alama za uchanganuzi zinazotumika madarasani kwetu, ambapo S ni sentensi, KN ni kirai nomino, KT ni kirai kitenzi, KH ni kirai kihusishi, N ni nomino, T ni kitenzi, V ni kivumishi na βV ni kishazi tegemezi kivumishi, sentensi yako itaandikwa hivi:

```
S  → KN + KT
KN → N (fundi) + βV (aliyeshona gauni la harusi)
βV → T (aliyeshona) + KN (gauni la harusi)
KT → T (ameondoka) + KH (kabla ya kulipwa)
```

Hiyo "la harusi" ndani yake baadhi ya walimu huiandika V, kwa kuwa inafafanua gauni, na wengine KH, kwa kuwa imeanza na a-unganifu. Shika ile ya kituo chako na usiibadilishe katikati ya jibu.

Swali la nne lilikuonea kidogo, maana ukitumia kanuni yangu kichwa kichwa nawe utahesabu viwili: "walikuwa" ina wa-, "wakiimba" ina wa-. Lakini jaribu kuondoa neno la pili. "Vijana walikuwa..." Walikuwa nini? Haikamiliki. "Walikuwa" hapo ni kitenzi kisaidizi. Kazi yake ni kubeba wakati uliopita kwa niaba ya "wakiimba", ambayo ndiyo kitenzi kikuu. Viwili hivyo ni kiarifa kimoja chenye kiima kimoja, basi kishazi ni kimoja. Sasa badilisha neno: "Vijana walifika wakiimba." Ondoa la pili, unabaki na "Vijana walifika", imetulia. Hapo "wakiimba" ni kishazi tegemezi chake chenyewe, kinachoeleza walifika katika hali gani, na vishazi ni viwili. Herufi ni chache zilizobadilika lakini muundo umehama kutoka sentensi sahili kwenda changamano.

Swali la tano ulilijibu kwa akili ya kawaida, na akili ya kawaida ndiyo iliyokuponza. Mlifundishwa kwamba kiima ni mtenda, sivyo? Mara nyingi huwa hivyo. Lakini "Chakula kimeliwa" kiima ni chakula, na chakula hakijatenda chochote. Kinachomtambulisha kiima katika Kiswahili ni kwamba yeye ndiye anayekitawala kiambishi cha mwanzo cha kitenzi. "Nyumbani kwao kumejaa wageni": kitenzi kina ku-. Nani ana ku-? Wageni wangedai wa-. Ku- ni ya "nyumbani kwao", mahali. Hicho ndicho kiima. Ukigeuza ukasema "Wageni wamejaa nyumbani kwao", kiambishi kimekuwa wa-, kiima kimekuwa wageni, na "nyumbani kwao" imekuwa chagizo. Usidanganywe na mpangilio, maana katika "Jana walifika wageni wawili" kiima kiko mwisho kabisa, na wa- inakuonyesha njia. Usidanganywe pia na nomino iliyo karibu na kitenzi. "Vitabu vya mwalimu vimepotea": mwalimu amesimama jirani na kitenzi, lakini vi- inamruka na kwenda kwa vitabu.

Kitenzi kikiwa na hu- utafanyaje, maana hakina kiambishi cha kukuongoza? Kigeuze wakati. Rudi kwenye methali yako ya mkuu na guu. Nimewahi kuona mwanafunzi akiandika kwamba kiima ni "guu", kwa hoja kwamba guu ndilo linalovunjika, na hoja yenyewe si ya kijinga. Weka -ta- badala ya hu-. Utasema "Asiyesikia la mkuu atavunjika guu". Imetoka a-. Guu lingekuwa kiima tungesikia "litavunjika". Hesabu imeisha.

Kuna methali moja ningependa uijaribu kabla ya Novemba, kwa sababu inakusanya yote tuliyosema: "Aliye juu mngoje chini." Karibu darasa zima hujibu kwamba kiima ni "aliye juu", kwa kuwa kimetangulia. Tazama kitenzi, "mngoje". M- hiyo si ya kiima, ni ya mtendwa, yule wa kungojwa. Kitenzi ni amri, na kiima ni wewe unayeshauriwa, hakijatajwa. "Aliye juu" ni yambwa iliyoletwa mbele, na kiumbo ni kishazi tegemezi. Kwa hiyo kishazi kinaweza kuwa kiima, kama kwa asiyesikia, na kinaweza kuwa yambwa, kama kwa huyu aliye juu.

Limebaki la sita. Hapo mimi nakutetea nusu. "Kwa sababu ya mvua" imetanguliwa na "kwa sababu ya", ambayo ni kihusishi, kwa hiyo kwa umbo ni kirai kihusishi, kama ulivyoandika. Kazi yake ni kueleza kwa nini mechi iliahirishwa, yaani chagizo, kazi ya kielezi. Vitabu vinavyogawa virai kwa kazi huiita kirai kielezi, vinavyogawa kwa neno linalotangulia huiita kirai kihusishi. Mwalimu wako ametazama kazi, wewe ulitazama umbo. Mrudishie karatasi kwa adabu umuulize amefuata mgawanyo upi, na kama katika sentensi ya fundi aliikubali "kabla ya kulipwa" kuwa kirai kihusishi, muonyeshe hizo mbili pamoja. Zina muundo mmoja, na zinastahili jina moja.